Somo la talbiya: kuanzia niya mpaka kijiwe cha kwanza

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kila mwaka mahujaji wetu wa Kisumu na vitongoji vyake wanapoanza kujiandaa, swali la kwanza ninaloulizwa ni dua. Wanataka kitabu chenye dua ya kila mzunguko na kila hatua. Mimi huwaambia waanze na maneno manne tu ya talbiya, kwa sababu hayo ndiyo mtakayoyasema mara nyingi kuliko yote, na ndiyo wengi wanayokwenda nayo bila kujua maana. Somo la leo ni hilo. Ninafundisha kwa madhehebu ya Shafii kama ilivyo kawaida ya pwani na ya wengi wetu huku, na pale ndugu zetu wa Hanafi wanapotofautiana kwa jambo kubwa nitasema.

Hatua ya kwanza: lielewe neno lenyewe

Wazee wa Kiswahili walipoitwa na mkubwa waliitikia "labeka". Wasichana mpaka leo tunafunzwa kuitika "abee". Neno hilo ni hili hili, labbayka, limekaa ndani ya lugha yetu tangu zamani. Basi ukisema talbiya hutangazi kwamba umefika. Unaitikia, kwa maana kuna aliyekuita kwanza. Nabii Ibrahimu aliamrishwa awatangazie watu hija (Suratul-Hajj, aya ya 27), na haji anaitika mwito ule.

Wanazuoni wa lugha wanasema asili yake ni kukaa mahali na kudumu hapo. Na mwisho wake, ile "-ay", ni alama ya uwili kwa Kiarabu, lakini haikusudiwi mara mbili za kuhesabu. Maana yake ni itiko juu ya itiko: nakuitikia, na nikishaitika naitika tena, nami nimesimama papo hapo kwenye utiifu wako.

Hatua ya pili: yakate maneno kwa pumzi nne

Labbayka llaahumma labbayk.
Labbayka laa shariika laka labbayk.
Innal-hamda wan-ni'mata laka wal-mulk.
Laa shariika lak.

Yaani: Nimekuitikia, ewe Mwenyezi Mungu, nimekuitikia. Nimekuitikia, huna mshirika, nimekuitikia. Hakika sifa njema na neema ni zako, na ufalme pia. Huna mshirika.

Hivyo ndivyo alivyoipokea Ibn Umar kutoka kwa Mtume, rehema na amani zimshukie. Kwenye "wal-mulk" tulia kidogo kabla ya kumalizia, ndivyo walivyopendekeza mafakihi wetu. Na kituo cha mwisho, "laa shariika lak", kina kisa. Makureshi kabla ya Uislamu nao walikuwa na talbiya yao. Walisema "huna mshirika", kisha wakaongeza, "isipokuwa mshirika uliye naye, unayemmiliki yeye na anachokimiliki." Ibn Abbas amesimulia kwamba Mtume alikuwa akiwasikia wakifika "laa shariika lak" anawaambia: ole wenu, basi, inatosha hapo! Tofauti yetu na wao ilikuwa ni kujua pa kunyamaza. Ndiyo maana mtu akiniambia talbiya ni wimbo tu wa safari humrudisha kwenye kisa hiki.

Hatua ya tatu: usahihishe ulimi

Hapa ndipo tunapotumia muda mwingi darasani. Nitawaelezea dani mmoja wa Kaloleni (dani ndivyo tunavyomwita kila nyanya mtaani). Amezaliwa na kukulia kwenye Kijaluo, akasilimu ukubwani, na ana miaka zaidi ya sabini. Kijaluo hakina "sh", kwa hiyo shamba kwake ni "samba", na shariika ikatoka "sariika". Tulirudia siku tatu bila mafanikio, naye akaanza kuona haya. Siku ya nne alikuja na mjukuu mgongoni. Mtoto akalia, dani akambembeleza: shhh, shhh. Nikamwambia, "Dani, usiache hiyo hiyo, iunganishe na 'ariika'." Akasema "shhh-ariika", mtoto akatulia, na yeye akarudia mpaka adhuhuri ikaadhiniwa. Kuanzia hapo hakukosea tena.

Kosa la pili ni zito zaidi, nalo ni la wengi wetu. "Laa" ya kukanusha lazima ivutwe. Ukiikata ikawa "la" fupi, unaigeuza kuwa herufi ile ambayo Waarabu huitumia kutilia mkazo, na neno la kukataa mshirika linapoteza kukataa kwake. Utajijua kwa njia rahisi: rekodi sauti yako kwenye simu, kisha linganisha "laa" ya kabla ya shariika na "la" ya kwenye "laka". Zikiwa na urefu mmoja, bado.

La tatu, tusiongeze irabu mwishoni. Sisi wasema Kiswahili hatupendi neno kuisha kwa konsonanti, kwa hiyo "mulk" huwa "muluku" na "lak" huwa "laki". Hii ya mwisho iangalieni sana, maana "laki" ni kumsemesha mwanamke. Na ndugu zetu wa Mumias na Butere, ile "b" ya labbayka ni nzito na imerudufiwa, midomo ifungwe kabisa.

Hatua ya nne: jua pa kuanzia

Wengi wetu tunafanya tamatui, yaani umra kwanza, kisha hija. Mwanamume avae ihramu yake mapema, nyumbani au Nairobi kabla ya kupanda ndege, kwa sababu mikati, yaani mpaka ambao haji hatakiwi kuupita bila kuhirimia, inapitwa angani na chooni mwa ndege hapana nafasi ya kubadilisha nguo. Kuvaa shuka si kuingia ihramu. Unaingia kwa niya moyoni, na ulimi unasema: "Labbayka llaahumma umratan." Hapo hapo unaunganisha talbiya. Kwa Shafii niya peke yake inatosha na talbiya ni suna iliyotiliwa nguvu. Kwa Hanafi ihramu haifungiki kwa niya tupu bila talbiya au kinachosimama mahali pake, kwa hiyo wao wasiicheleweshe.

Dani nilimshauri atie niya mara ndege inapopaa. Kuhirimia kabla ya mikati kunasihi, na mzee akishiba chakula cha ndege hulala. Kwa sababu ya presha yake nilimfunza pia kuweka sharti, kama Mtume alivyomfunza Dhubaa binti Zubeir aliyekuwa mgonjwa: "Allaahumma mahillii haythu habastanii", mahali pangu pa kutoka ihramu ni pale utakaponizuia. Ugonjwa ukimzuia aliyeshartisha hivyo, anatoka ihramu.

Wanaofikia Madina kwanza hawana haja ya haya yote. Wao huhirimia Dhul-Hulayfa, panapoitwa leo Abyar Ali, basi linasimama na watu wanashuka.

Ukishaanza, isome mara tatu tatu, kisha umswalie Mtume kwa sauti ya chini zaidi, kisha uombe Pepo na kujikinga na Moto. Irudie unapopanda kilima na kushuka, unapokutana na kundi jingine, na baada ya swala. Mwanamume anyanyue sauti bila kujiumiza. Mwanamke ajisikizishe mwenyewe.

Hatua ya tano: jua pa kunyamazia

Katika umra talbiya inakoma unapoanza tawafu. Mimi mwenyewe mwaka niliokwenda sikufundishwa hili. Kiongozi wa kundi letu aliendelea kutuitikiza talbiya tukiwa tayari tunazunguka, nasi tukamfuata. Tulipofika kati ya nguzo ya Yamani na Jiwe Jeusi nikasikia watu wote pembeni wanasoma "Rabbanaa aatinaa fid-dunyaa hasanah", aya ya 201 ya Suratul-Baqara, ambayo ndiyo dua iliyopokewa mahali pale. Tawafu yetu haikubatilika, lakini suna ya mahali ilitupita na bado inaniuma.

Tarehe 8 Mfungotatu unahirimia hija ukiwa Makka: "Labbayka llaahumma hajjan." Talbiya inarudi, na safari hii inakwenda nawe Mina, Arafa, na Muzdalifa. Dani alinipigia simu usiku akiwa ndani ya basi, wametoka Arafa, anauliza kama siku ya Arafa ikiisha talbiya nayo imeisha. Nikamwambia bado, dani, endelea. Fadhl bin Abbas, aliyepanda nyuma ya Mtume kwenye ngamia mmoja, amesimulia kwamba Mtume hakuacha talbiya mpaka alipopiga vijiwe Jamra ya Akaba. Hiyo ni asubuhi ya tarehe 10. Ukirusha kijiwe cha kwanza kati ya vile saba, "labbayka" inaondoka na "Allaahu akbar" inashika nafasi, moja kwa kila kijiwe.

Maswali ya wanadarasa

*Dada wa Nakuru:* Mwalimu, nikipata hedhi njiani, talbiya naisoma au naacha?

Isome, dada yangu. Bibi Aisha ilimtokea hivyo hivyo akiwa njiani, na Mtume akamwambia afanye yote anayofanya haji isipokuwa kutufu Al-Kaaba mpaka atwaharike. Oga, tia niya na uitike.

*Ndugu wa Mumias:* Baba yangu ulimi umemshinda kabisa kwa Kiarabu. Akisema "Nimekuitikia Mola wangu" inafaa?

Asiyeweza Kiarabu huitika kwa lugha anayoijua, na mafakihi wetu wamelitaja hilo. Lakini mjaribishe kwanza pumzi ya kwanza tu, labbayka llaahumma labbayk. Mwambie ni ile "labeka" aliyofunzwa na mama yake. Mzee anayejua Kiswahili atashika.

*Kijana wa Kisumu:* Nilipita mikati nimelala, nikaamka tunatua Jedda, nikatia niya uwanjani. Umra yangu ilisihi?

Ilisihi, ila ulikuwa na wajibu wa kurudi mikati kabla hujaanza ibada, na kwa kuwa hukurudi unadaiwa fidia ya kuchinja mbuzi au kondoo kule Haram, agawiwe masikini wa pale. Usichinje hapa Kisumu ukadhani umemaliza. Unaweza kumpa uwakala mtu anayekwenda akuchinjie.

*Mama wa Kakamega:* Watu wakinitolea salamu katikati ya talbiya nifanyeje?

Anayeanza ndiye aliyefanya lisilopendeza, kukukatiza. Wewe ukisalimiwa itikia salamu, kisha urudi pale ulipofika.

*Dada wa Nakuru tena:* Na nikiisahau kabisa, kuanzia ndege mpaka Mina?

Kwa Shafii hija yako ni sahihi na huna fidia, mradi niya ilikuwepo. Ukikumbuka Muzdalifa, anza hapo hapo. Muda wake bado upo mpaka kijiwe kile cha kwanza kitoke mkononi.