Namna ya kuutambua utabiri katika hadithi fupi

Unaposoma hadithi fupi, weka alama ya penseli pembeni mwa kila kitu kinachotajwa zaidi ya mara moja bila msimulizi kueleza kazi yake, kwa kuwa mara nyingi hapo ndipo utabiri, yaani dokezo la mapema la jambo litakalotokea baadaye, unapojificha.

Mfano mzuri ni hadithi ya Shirley Jackson ya mwaka 1948 kuhusu bahati nasibu ya kijijini. Inaanza asubuhi angavu ya Juni, maua yamechanua, na wavulana wanajaza mifuko yao mawe laini ya mviringo, jambo ambalo msomaji hulipita akidhani ni mchezo wa watoto. Muda mfupi baadaye wanaume wanakusanyika wakizungumza habari za mvua na matrekta, lakini wanasimama mbali na lile rundo la mawe, na mzaha wao unaishia kwenye tabasamu badala ya kicheko. Mawe yametajwa tena, na safari hii watu wazima wanayaepuka. Hali ya furaha na mwenendo wa watu havilingani, na mwanya huo mdogo ndio unaotangulia kutuambia kwamba mshindi atapigwa mawe hadi kufa.

Ukimaliza, rudi kwenye alama zako. Kitu kilichokuja kufanya kazi mwishoni kilikuwa utabiri. Kisichofanya kazi yoyote huenda kilikuwa sehemu ya mandhari tu, na si haki kukilazimishia maana.