Somo: Rafiki wanapokea linki kutoka WhatsApp yako, na wewe hujatuma kitu

Wiki hii peke yake nimejibu jambo hili mara tano, mara ya mwisho nikiwa katikati ya kupima kitenge cha mteja pale Nyawera. Kwa hiyo naandika yote hapa. Ukiulizwa na mwenzako, mtumie somo hili.

Kwanza tambua umeibiwa namna gani

Fungua WhatsApp kwenye simu yako. Kama imekutoa nje na inasema namba yako imesajiliwa kwenye simu nyingine, mwizi amechukua namba nzima. Ruka mpaka sehemu ya mwisho ya somo.

Kama inafunguka kama kawaida, mazungumzo yako yote yapo, ila watu wanakupigia kuuliza "hii linki ni ya nini?", basi mwizi hakukutoa. Ameingia pembeni yako kama kifaa cha pili, sawa na mtu anayefungua WhatsApp yake kwenye kompyuta. Wengi wanaoniuliza wako hapa, na mimi nilikuwa hapa.

Usitafute ushahidi kwenye simu yako peke yake. Mwizi akishatuma linki huifuta upande wako, au huyaficha mazungumzo kwenye "Archivées". Mwombe rafiki aliyeipokea akupigie picha ya skrini yenye saa.

Mlango alioingilia

Mimi ilikuwa Jumatano, saa mbili na dakika arobaini usiku. Mama mmoja tunayeimba naye kwaya alinitumia linki: "Nisaidie kumpigia kura mtoto wangu katika shindano la kucheza." Nilifungua. Kulikuwa na picha za watoto wawili na kitufe cha kupiga kura. Ukurasa ukaniomba namba ya simu, nikaandika, pamoja na +243. Kisha ukanionyesha herufi na tarakimu nane, nne na nne, mfano wa hizi:

```
K7QM-2XRD
```

Papo hapo WhatsApp yangu ikaleta taarifa kwamba kuna kifaa kinataka kuunganishwa, niandike msimbo. Ukurasa ulisema ni kuthibitisha kwamba mimi ni mtu wa kweli. Nikaandika zile nane, nikaweka kidole, basi. Kura hakuna. Kifaa cha mtu mwingine kilikuwa kimeshaunganishwa na akaunti yangu kwa mkono wangu mwenyewe. Na yule mama wa kwaya hakunitumia kitu. Yeye alikuwa ameibiwa mchana wa siku ile.

Shika hili: msimbo wa herufi nane hauandikwi ili kupiga kura, kupata zawadi wala kuona picha. Kazi yake ni moja, kuunganisha kifaa.

Hatua

1. Fungua WhatsApp, gusa nukta tatu juu kulia, kisha "Appareils connectés". Kwenye iPhone iko ndani ya mipangilio.

2. Utaona orodha ya vifaa na saa kila kimoja kilipotumika mara ya mwisho. Piga picha ya skrini kabla hujagusa kitu. Ukishamtoa mwizi, jina la kifaa na saa hutaviona tena.

3. Gusa kila kifaa, kisha "Se déconnecter". Vyote, hata kile unachodhani ni kompyuta yako ya kazini. Chako utakiunganisha tena baadaye.

Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nisomeni polepole. Mimi sikujua hiyo orodha ipo. Shemeji aliniambia nizime simu, mwizi atakatika. Nikaizima usiku ule wa Jumatano, nikaiwasha Ijumaa asubuhi. Mwizi hakukatika hata dakika moja. Kifaa kilichounganishwa hakihitaji simu yako iwe inawaka; kinaweza kuendelea hata siku 14 bila simu kuu kutumika. Kwa siku moja na nusu hiyo aliandika akiwa peke yake, na mimi sikuwepo hata kujibu mtu aliyeshtuka. Alianza na linki ileile ya kura. Halafu akasoma mazungumzo yangu na shangazi, kwa sababu kifaa kikiunganishwa mazungumzo ya nyuma nayo huingia. Akaona kwamba shangazi ananiita "mwanangu" na kwamba tuko pamoja kwenye likelemba. Akamwandikia kwa maneno hayohayo: "Shangazi, zamu yangu imechelewa, nikopeshe dola 60, tuma kwa namba hii, yangu ina shida." Shangazi akatuma. Alipojaribu kunipigia, simu ilikuwa imezimwa, akadhani moto umeisha.

Kwa hiyo usizime simu. Usitoe laini. Usifute programu ukadhani umemaliza. Nenda kwenye orodha, mtoe, halafu rudi uangalie orodha tena baada ya dakika kumi.

4. Weka PIN: "Paramètres", "Compte", "Vérification en deux étapes". Tarakimu sita. Si mwaka wako wa kuzaliwa.

5. Weka na anwani ya barua pepe pale inapoombwa, ili ukisahau PIN uweze kuibadilisha. Ila elewa PIN inalinda nini. Inamzuia mtu kusajili namba yako kwenye simu nyingine. Haimzuii kuunganisha kifaa ukimwandikia msimbo wewe mwenyewe.

6. Waambie watu kwa kuwapigia. Ujumbe wa maandishi hawatauamini, kwa kuwa hata mwizi aliandika kwa jina lako. Anza na wale mnaotumiana pesa: likelemba, familia, wateja. Kama wewe ni msimamizi wa kundi, angalia kama kuna namba ngeni aliyoiongeza.

7. Kama kuna aliyetuma pesa, apigie huduma ya wateja ya kampuni yake ya pesa za simu saa hiyohiyo, aombe muamala uzuiwe. Anayepiga ni yule aliyetuma, si wewe. Shangazi alipiga siku mbili baadaye. Pesa ilikuwa imeshatolewa.

Kama umetolewa nje kabisa

Ingiza namba yako upya kwenye WhatsApp, subiri SMS yenye tarakimu sita, iandike. Ukiiandika tu, mwizi anatoka. Kama baada ya hapo inaomba PIN ambayo hukuiweka, ni yeye aliyeiweka. Utasubiri siku 7 ndipo uingie bila hiyo PIN. Siku hizo 7 wewe uko nje, lakini na yeye yuko nje. Usiombe SMS mara nyingi mfululizo, kwa sababu kila mara muda wa kusubiri unarefuka.

Kama kabla ya kuibiwa kuna mtu alikupigia akakwambia ubonyeze namba zinazoanza na nyota kisha 21, huenda simu zako zinaelekezwa kwake, na msimbo unaosomwa kwa sauti unaweza kumfikia yeye. Futa maelekezo yote kwa kupiga:

```
##002#
```

---

Maswali

mwana_kadutu: Mama Vitenge, mimi nimepokea SMS ya tarakimu sita, na rafiki yangu ananiandikia kwamba imekuja kwangu kwa makosa. Nimtumie?

Mama Vitenge: Usimtumie. Hizo ni funguo za akaunti yako. Mpigie huyo rafiki sasa hivi kwa sauti, umwambie ameibiwa.

mwana_kadutu: Hapokei.

Mama Vitenge: Basi mpigie mtu wa nyumbani kwake. Usitume.

Jules_Panzi: Sijasoma yote, ni ndefu. Kwa kifupi nifanye nini?

Mama Vitenge: Hatua ya 1 mpaka ya 3. Ni mistari michache, ndugu yangu.

Jules_Panzi: Nimezima simu na kuiwasha upya. Si imetosha?

Mama Vitenge: Nimeandika juu kwamba kuzima simu hakumkati mwizi. Fungua "Appareils connectés" uniambie unaona nini.

Jules_Panzi: Kuna Google Chrome, Windows. Mimi sina kompyuta.

Mama Vitenge: Huyo ndiye. Picha kwanza, halafu mtoe.

Dada wa Nguba: Aksanti kwa somo. Swali langu: mimi sikufungua linki yoyote na sikuandika msimbo wowote, lakini kwenye orodha kuna kifaa kimetumika leo asubuhi. Anaweza kuwa aliingia vipi?

Mama Vitenge: Swali zuri sana, dada. Je, kuna siku ulikwenda kuchapisha karatasi kwenye sekretaria?

Dada wa Nguba: Ndiyo, mwezi uliopita, barua ya kuomba kazi. Kijana alinielekeza nielekeze kamera ya simu kwenye kompyuta yake ili atoe faili.

Mama Vitenge: Ndiyo hiyo. Ile picha ya miraba uliyoielekezea kamera ni njia nyingine ya kuunganisha kifaa. Ulilipa, ukaondoka, WhatsApp yako ikabaki wazi kwenye kompyuta ile, na kila anayekaa pale anaweza kuisoma. Simsemi kijana, huenda alisahau kufunga. Lakini wewe uliyeunganisha ndiye wa kutoa, na unaweza kutoa ukiwa nyumbani, si lazima urudi pale.

Dada wa Nguba: Nimeitoa sasa hivi. Kumbe mwezi mzima! Siku nyingine nitachapishaje?

Mama Vitenge: Mwombe namba ya WhatsApp ya duka, umtumie faili kwake, achapishe. Akimaliza mwombe aifute mbele yako kama ina siri. Au beba kwenye flashi.

Papa Ibanda: Flashi za sekretaria zina virusi, ukirudi nayo nyumbani kompyuta inakufa. Mimi natuma kwa barua pepe ya duka.

Mama Vitenge: Hiyo nayo ni nzuri, papa.

yaya_Clarisse: Mimi simu yangu iliibwa sokoni, na mwizi anaandikia watu kutoka simu yenyewe. Orodha siwezi kuifungua. Nifanyeje?

Mama Vitenge: Pole sana, yaya. Hapo dawa ni laini. Nenda kwa kampuni ya laini yako na kitambulisho chako, waizime ile ya zamani, wakupe kadi mpya yenye namba ileile. Iweke kwenye simu yoyote, hata ya kuazima, sajili WhatsApp kwa SMS. Akaunti ikiingia kwako, kwake inatoka. Usingoje kununua simu mpya.

yaya_Clarisse: Na mazungumzo yangu?

Mama Vitenge: Yatarudi kama ulikuwa unayahifadhi kwenye akaunti yako ya Google, na ukiingia kwa akaunti hiyohiyo. Lakini aliyeishika simu iliyoibwa, kama anajua namba ya kuifungua, huenda ameshayasoma. Kama kuna picha ya kitambulisho au PIN ya pesa uliyomwandikia mtu humo, badilisha hiyo PIN leo kabla ya jambo lingine.

yaya_Clarisse: PIN nilimwandikia mdogo wangu kweli. Nakwenda kuibadilisha.

Papa Ibanda: Pitia pale Feu Rouge ukikosa msaada wa laini, wakala wa hapo ni mvumilivu. Beba kitambulisho cha asili, nakala walinikatalia.