Kutoka lukma hadi kaimati: kuunda neno la udogo kwa kipimo cha fu'ayl

Somo la tasghiri, yaani kulifanya jina la Kiarabu liwe dogo, mimi hulianzia kwenye bakuli la kaimati. Tonge kwa Kiarabu ni lukma. Kitonge ni lukayma. Vitonge vikiwa vingi ni lukaymaat, na humo ndimo lilimotoka jina la kaimati zetu za Ramadhani. Sisi tuliangusha ile "lu" ya mwanzo tukabaki na utamu wote. Kwa hiyo kipimo cha fu'ayl umekila kabla hujakisoma.

Hatua ya kwanza: toa irabu, bakiza herufi

Chukua jina lenye herufi tatu za asili. Tuseme jabal, mlima. Futa irabu zote mpaka zibaki j, b, l. Herufi ya kwanza ipe "u", ya pili ipe "a", kisha chomeka yaa yenye sukuni, yaani isiyo na irabu, kabla ya ya tatu. Unapata jubayl, kilima. Ndilo jina la mji wa Jubail, pwani ya mashariki ya Saudia.

Irabu za mwanzo hazihesabiki hata kidogo. Kalb, mbwa, ina sukuni katikati, na rajul, mtu mume, ina "u", lakini zote zinaingia kwenye kalibu moja: kulayb, rujayl. 'Abd inakuwa 'ubayd, hasan inakuwa husayn. Ndiyo, yule Husein wa mtaani kwenu ni "Hasani mdogo", na ndugu wale wawili, wajukuu wa Mtume, walipewa majina ya asili moja.

Hatua ya pili: uliza kama neno ni la kike

Neno lenye taa marbuta, ile taa ya mwishoni inayoonyesha uke, halisumbui, kwani taa inabaki mahali pake na herufi iliyo mbele yake inachukua "a": shajara ni mti, shujayra ni kijiti, hirra ni paka, hurayra ni kipaka, na mpokezi mashuhuri wa hadithi, Abu Huraira, alipata lakabu yake kwa kupenda kuwa na kipaka.

Wanafunzi huteleza kwenye maneno ya kike yasiyo na taa. Shams, jua, ni la kike ingawa halionyeshi, basi udogo wake si shumays bali shumaysa. Taa iliyojificha inatoka nje. Vivyo hivyo daar, nyumba, hutoa duwayra. Yapo machache yaliyokaidi, kama harb, vita, ambalo Waarabu walisema hurayb bila taa. Hayo ni ya kukariri tu.

Hatua ya tatu: neno likiwa na alifu katikati, itisha wingi wake

Hapa ndipo penye kazi. Baab, mlango, ina alifu katikati, na alifu haiwezi kubeba "a" ya kipimo chetu. Wengi huandika buyayb kwa sababu wameizoea yaa. Ni kosa. Alifu katikati ya jina la herufi tatu ni barakoa. Nyuma yake kuna waw au yaa, na wingi ndio unaoivua. Wingi wa baab ni abwaab, waw imejitokeza, basi andika buwayb. Wingi wa naab, jino la chonge, ni anyaab, basi ni nuyayb. Maal, mali, wingi wake amwaal, kwa hiyo ni muwayl.

Watu wa mitaani hawakusubiri mwalimu. Shay', kitu, wingi wake ashyaa', hivyo sarufi inadai shuyay'. Lakini Waarabu, kuanzia Misri hadi Ghuba, husema shwayya kwa maana ya "kidogo", na waw yao imekaa pasipo ruhusa ya wanasarufi wengi. Ukiwa Maskati sema shwayya. Kwenye mtihani andika shuyay'.

Hatua ya nne: neno likizidi herufi tatu

Wingi unaendelea kukufaa. Chukua masjid, wingi wake masaajid. Ile "a" ya kwanza igeuze "u", na "aa" igeuze "ay": musayjid, kijimsikiti. Dirham, daraahim, durayhim. Miftaah, ufunguo, mafaatiih, mufaytiih. Wanasarufi wa kale walikwisha liona hili, ndiyo maana wakasema tasghiri na wingi wa kuvunja, yaani ule unaobadili umbo la ndani la neno, ni wa bonde moja.

Jaribu na dinaar. Mwanafunzi akikisia bila wingi atakwama: ile "ii" ndefu aifanyeje? Wingi ni danaaniir, nuni ya pili imeibuka, kwa hiyo udogo ni dunayniir. Inasimuliwa kwamba Khalil bin Ahmad, mwanazuoni wa Basra aliyefariki karne ya 8, alivipima vipimo vyote vitatu vya tasghiri, fu'ayl, fu'ay'il na fu'ay'iil, kwa sarafu: fulays kutoka fals, durayhim, dunayniir. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kuwa ameona shughuli za watu zinazunguka kwenye sarafu hizo. Mimi mwenyewe hukumbuka vipimo hivi kwa fedha zake.

Wingi haukusaidii kila mara. Kitaab wingi wake ni kutub, hauna "aa" ya kugeuza. Hapo alifu ya kitaab inageuka yaa na kukutana na yaa ya kipimo: kutayyib, kijitabu.

Hatua ya tano: soma moyo wa msemaji

Ukubwa ni sehemu tu ya habari. Kiswahili kinalijua hili: "kijana" na "kijitu" havikudogoshwa kwa nia moja. Shaa'ir ni mshairi; shuway'ir mara nyingi si mshairi mfupi wa kimo, ni mshairi uchwara. Durayhimaat ni vijisenti, uchache wake ndio unaosemwa. Kabla na baada nazo zinadogoshwa: kubayla l-fajr ni muda mfupi tu kabla ya alfajiri.

Halafu kuna mapenzi. Lukman anapomuusia mwanawe katika Kurani husema "yaa bunayya", na Nuhu naye humwita vivyo hivyo mwana aliyekuwa anaelekea kuzama. Huyo si mtoto mchanga. Ibn, mwana, limerudishiwa herufi yake ya mwisho iliyopotea, likawa bunayy, na udogo wake wote ni huruma. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mdogo wake Anas bin Malik, mtoto aliyekuwa na kijindege cha kuchezea kikamfia. Mtume akamwambia: "Yaa Abaa 'Umayr, maa fa'ala n-nughayr?" Ewe Abu Umeir, kijindege kimefanya nini? 'Umayr ni udogo wa 'Umar, nughayr ni udogo wa nughar, ndege. Vyote viwili vimedogoshwa ili vilingane na mtoto, tena vina vina.

Kabla hujafunga daftari, mtego mmoja. Muhaymin, mojawapo ya majina ya Mungu, lina u, a, y kwa mpangilio uleule. Si tasghiri, na majina ya Mungu hayadogoshwi kamwe. Ni jina la mtendaji kutoka haymana, kulinda na kusimamia, na yaa yake ni ya asili. Kipimo kwa sikio hakitoshi: tafuta neno kubwa lililozaa hilo dogo, na usipolipata, usiliite dogo.