Umekaa na ujumbe siku kumi? Jibu hivi

Nafanya tafsiri Dar es Salaam, na wateja wangu kadhaa wako Maskati. Tarehe 2 Juni mama mmoja wa huko aliniuliza kama tungezungumza simu Jumanne tarehe 10 au Jumanne tarehe 17. Nilisoma nikiwa kwenye daladala, nikajiambia nitajibu nikifika. Nilikuja kukumbuka Alhamisi tarehe 12.

1. Soma upya kabla ya kuandika. Tafuta kilichobaki hai. Tarehe 10 ilikuwa imekufa, lakini 17 ilikuwa bado, na ndiyo ya kuanza nayo kwa kuwa aliichagua mwenyewe. Ukimletea siku mpya tupu, unampa kazi ya kupanga upya kwa kosa lako.

2. Zishike nafasi kwanza. Ziandike kwenye kalenda yako kabla ya kuzitaja. Kuomba radhi leo halafu kesho ukahamisha saa ni kukosa mara mbili. Angalia pia wikendi ya mwenzako: Omani ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Ijumaa yangu haikufaa.

3. Omba radhi kwa sentensi moja. Hapa ndipo wengi tunateleza, tunaandika "pole kwa kuchelewa". Pole anapewa aliyefikwa na jambo, nawe ndiye uliyemfikisha. Andika "naomba radhi" au "samahani", kisha utaje ulichofanya na kwa siku ngapi. Habari za kubanwa na kazi ziache, maana anayezisoma anasikia kwamba wengine walitangulia mbele yake. Kama ulifiwa au uliugua, maneno mawili matatu yanatosha.

4. Taja saa isiyo na utata. Maskati iko saa moja mbele yetu, na "saa 4" kwa mwingine ni 04:00. Andika zote mbili.

Kwenye WhatsApp nilivuta ujumbe wake wa zamani ili jibu likae chini yake, asilazimike kuutafuta, nikaandika:

> Assalaam alaykum, shikamoo mama. Naomba radhi, ujumbe wako wa tarehe 2 nimeuacha siku kumi bila jibu, hata Jumanne tarehe 10 imepita. Jumanne tarehe 17 nina nafasi saa 4 asubuhi ya Dar (10:00), huko kwenu saa 5 (11:00). Ikikubana, Jumatano tarehe 18 saa hiyohiyo. Nimezishika zote mbili mpaka Jumapili jioni. Kama ulishapata mtu mwingine, niambie tu, hakuna neno.

Sentensi ya mwisho usiifute. Baada ya siku kumi huenda kweli ameshapata mwingine, na bila mlango huo ataona haya kukuambia, atanyamaza.

5. Ukishatuma, kaa karibu na simu. Akijibu, thibitisha palepale. Jumapili ikipita kimya, mkumbushe mara moja tu, kisha ziachie nafasi.

Alijibu baada ya dakika ishirini: "Marahaba. Jumatano."