Simu tatu, akaunti moja: kupunguza picha zinazojirudia Google Photos

Hali yenyewe inafahamika: simu ya mama, ya baba na ya binti zote zinapandisha picha kwenye akaunti moja ya Google Photos, na picha ya mahafali inaonekana mara mbili. Wengi hudhani ni kwa sababu simu ni tatu. Sivyo. Google Photos ikikuta faili lililo sawasawa kabisa na lililokwisha kupanda, hailipandishi tena, hata likitoka simu nyingine yenye jina tofauti la faili.

Kinacholeta nakala mara nyingi ni WhatsApp. Mama anapiga picha kwa kamera, kisha anaitupia kwenye grupu la familia. WhatsApp inaibana na kuifuta taarifa za kamera, kwa hiyo anachopokea baba ni faili jipya. Picha hiyo moja sasa ina sura mbili:

```
IMG_20240815_143210.jpg   4000 x 3000   4.1 MB
IMG-20240817-WA0007.jpg   1600 x 1200   240 KB
```

Angalia tarehe. Picha ilipigwa tarehe 15, ikatumwa tarehe 17, na nakala imekaa tarehe 17 kwa kuwa ndiyo siku iliyofika. Ndiyo maana mara nyingi hazikai jirani, na ukitafuta kwa macho tu utazikosa.

Hatua ya 1: funga bomba kwanza. Ukianza kufuta kabla ya hapo, kesho zitaingia nyingine. Kwenye kila simu ya Android fungua Google Photos, gusa picha yako ya akaunti juu kulia, ingia *Photos settings*, kisha *Backup*, kisha *Back up device folders*, uzime *WhatsApp Images*. Iache simu moja tu ikiwa imewashwa, ili picha za ndugu wengine ziendelee kuingia. Zilizokwisha kupanda zitabaki pale pale. Kuzima hakufuti kitu.

Hatua ya 2: tambua asili na nakala. Hapa kompyuta inarahisisha. Fungua photos.google.com, fungua picha, bonyeza herufi *i*. Pembeni utaona jina la faili, vipimo na ukubwa. Jina lenye *WA* na tarakimu nne ni la WhatsApp kwenye Android. Upande mrefu wa pikseli 1600 au karibu na hapo ni dalili nyingine.

Hatua ya 3: futa nakala, lakini si zote zenye WA. Hapa ndipo watu wanapoumia. Picha aliyopiga mjomba, ambaye hayumo kwenye akaunti yenu, ipo kwa sura ya WhatsApp tu. Ukiifuta huna nyingine. Nenda tukio kwa tukio: fungua siku ya tukio uone asili zilizopo, kisha siku mbili tatu zinazofuata uzitie alama nakala ambazo asili yake umeiona. Ukishika *Shift* unachagua mfululizo mzima kwa pamoja.

Usitarajie kuokoa nafasi kubwa. Nakala 300 za KB 240 ni kama MB 72 tu kati ya GB 15 za bure. Faida ni utulivu wa albamu. Kama akaunti imejaa, tazama video kwanza.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikifuta kwenye simu yangu, si bado ipo kwenye simu ya mke wangu?*
Hapana, ndugu yangu. Akaunti ni moja, kwa hiyo ukiipeleka kwenye pipa inatoka kwenye akaunti kwa wote, na simu ya pili inaweza kuombwa iifute na kwake. Ukitaka kupunguza uzito wa simu tu, tumia *Free up space*, ambayo inaondoa nakala ya simuni na kuacha ya akaunti.

*Dada, nimeshafuta asili nikabakiza za WhatsApp. Nimekwisha?*
Ingia kwenye pipa mapema. Picha iliyokuwa imepanda hukaa humo siku 60, isipokuwa pipa limemwagwa.

*Binti yetu ana iPhone, kuna albamu ya Duplicates. Inatosha?*
Hiyo, iliyokuja na iOS 16, inapanga maktaba ya iPhone yenyewe. Nakala zilizoko kwenye akaunti yenu ya Google haiziangalii.

*Kuna namna ya kutuma kwenye grupu bila kuzaa nakala?*
Itume kama *Document* badala ya picha. Faili linafika bila kubanwa, na likifika kwenye akaunti linatambulika kuwa ni lile lile. Ila bando la wapokeaji litalia, kwani MB 4 si KB 240.