r ikiwa hasi, tembea kinyumenyume

Vijana ninaowafundisha jioni hapa Tudor, Mombasa, hukwama pale pale wakichora r = 4 cos θ, ambapo θ ni pembe unayoelekea na r ni umbali wa kwenda kutoka nukta (0, 0). Kuanzia 0° hadi 90° mambo ni shwari: r inapungua kutoka 4 hadi 0, nusu ya juu ya duara inatokea. Wakifika 120°, kikokotoo kinatoa r = −2, nao wanafuta ile alama ya hasi. Nukta inaangukia kushoto, na mchoro unaota bawa la pili lisilokuwepo.

Hasi maana yake ni hii: simama mjini uso ukielekea Likoni, kisha rudi kinyumenyume hatua mbili. Uso uko Likoni, mwili unasogea upande wa Tudor. Basi elekea 120°, rudi nyuma 2.

Ukiwa na shaka, badilisha: x = r cos θ = (−2)(−0.5) = 1, na y = r sin θ = (−2)(0.866) ≈ −1.73. Nukta iko chini kulia.

Au zidisha mlinganyo wote kwa r: r² = 4r cos θ, yaani x² + y² = 4x, ambayo ni (x − 2)² + y² = 4. Duara moja tu, kitovu (2, 0), nusu kipenyo 2, nalo hukamilika ukifika 180°.