Bizari nyembamba: ukaange kabla ya kusaga, au utumie iliyosagwa dukani?

Kilo 10 za mchele, nyama ya mbuzi ya kutosha, na bizari nyembamba niliyoikaanga mwenyewe asubuhi ile nikijiona fundi. Shughuli ilikuwa hitima, huku Ujiji. Bizari ipo kwenye kikaango, simu ikaita, nikageuka kusema tu "nipo jikoni, nitakupigia". Kurudi, punje zimekuwa rangi ya kahawa. Nikajidanganya kwamba zitapotea ndani ya mchele. Hazikupotea. Bibi mmoja aliyekuwa anapakua akaonja, akanitazama, akasema, "Mwanangu, pilau imeungua wapi na ukoko bado mweupe?"

Tangu siku hiyo nimejifunza bizari kwa adabu. Somo hili ni la bizari nyembamba peke yake (wengine mnaiita uzile), maana ndiyo inayobadilika sana ikiguswa na moto. Viungo vingine nitavigusa kwenye maswali.

Kwanza tuelewane moto unafanya nini

Wengi tunasema kukaanga "kunatoa harufu". Ni kweli, ila ile harufu inayojaa jikoni imeshatoka kwenye punje na haitarudi chunguni. Ndani ya punje kuna mafuta ya harufu, mepesi, yanayoruka yakipata joto. Ukikaanga, sehemu yake unaipoteza.

Sasa kwa nini tukaange? Kwa sababu moto unatengeneza kitu kipya ambacho hakikuwamo. Fikirieni kahawa. Buni mbichi hainukii kahawa, inanukia kama majani makavu. Harufu tunayoijua inazaliwa kwenye kikaango. Karanga ni hivyo hivyo. Kwenye bizari, sukari kidogo na protini zilizomo zikipata joto la kama nyuzi 140 na kuendelea, zinaanza kubadilika rangi na kutoa ile ladha ya kikaango, ya karanga karanga. Kwa hiyo unabadilishana: unatoa ukali wa ubichi, unapata uzito wa kuiva. Ukizidisha, unatoa vyote viwili na kupata uchungu.

Iliyosagwa dukani imepoteza kwa njia nyingine, yaani kwa muda. Punje nzima imefungwa na ganda lake, na ikitunzwa pakavu inakaa mwaka na zaidi bila kufa. Ikishasagwa, kila chembe inapigwa na hewa, na harufu inapungua mwezi hadi mwezi. Weka kidogo kiganjani, sugua kwa kidole gumba, nusa. Ikinukia vumbi kabla ya bizari, imeshakaa sana.

Hatua zenyewe

1. Chambua. Mimina bizari kwenye ungo, pepeta, toa vijiti na vijiwe. Usiruke hapa: vijiti vyembamba na vumbi vinaungua kabla punje hazijapata joto, na uchungu wake unaingia kwenye unga wote. Kama bizari imekaa karibu na ziwa na ukiishika unahisi unyevu, ianike juani saa moja. Punje yenye maji inabaki kwenye joto la maji yanayochemka, haipandi mpaka yaishe, kwa hiyo nyingine zitakuwa zinaiva huku nyingine bado zinakauka.

2. Pasha kikaango kizito, bila mafuta, moto wa wastani. Kwenye jiko la mkaa subiri makaa yashike majivu meupe, usikaange wakati bado yana ndimi za moto. Mimi natupa punje tano za kupimia. Zikigeuka rangi ndani ya sekunde chache, moto umezidi. Nyanyua kikaango kipoe kidogo.

3. Mimina bizari kiasi cha kufunika chini kwa safu moja tu. Vijiko 4 vya chakula vinatosha kikaango cha kawaida. Ukijaza, za chini zinaungua na za juu zinapata mvuke.

4. Koroga bila kuacha na unuse. Hapa ndipo palipo kazi yote. Mwanzo utasikia harufu ya majani makavu, kama nyasi zilizolowa umande zikipigwa jua. Hayo ni maji yanatoka. Halafu panakuwa kimya kidogo, unaweza kudhani hakuna kinachoendelea. Kisha harufu inapanda kwa ghafla, tamu, nzito, na ukisogeza sikio utasikia punje zinalialia. Rangi inakuwa imeshuka daraja moja tu, kutoka ukijani wa vumbi kwenda hudhurungi hafifu. Kwangu inachukua kama dakika 2 hadi 3, lakini msinishike kwenye dakika, shikeni pua. Ukiona moshi, umechelewa.

5. Mwaga kwenye sinia baridi papo hapo. Kuzima jiko hakutoshi, kikaango kizito kinaendelea kuivisha. Nilichoma mara mbili kwa kosa hili kabla sijaelewa.

6. Acha ipoe kabisa ndipo usage. Punje ya moto bado ni laini na ina mvuke. Ukiitia kwenye blenda inatoa unyevu, unga unashikana kwenye kuta, na harufu inakimbia zaidi. Ikipoa inakuwa kavu na inavunjika kwa vidole. Kinu kinafaa vilevile. Kwenye blenda, bonyeza na kuachia, usiiache ikizunguka mpaka chombo kipate joto.

7. Onja kabla ya kutia chunguni. Tafuna punje tatu. Ukimeza na uchungu ukabaki nyuma ya ulimi hata baada ya kunywa maji, tupa.

Weka unga kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, mbali na jiko. Mimi nasaga kiasi cha wiki mbili au tatu, si zaidi.

Jaribio la mabakuli sita

Ili nisiongee kwa mazoea, nilichemsha maharage ya Kasulu kwa chumvi tu, nikagawa mabakuli matatu. Kila moja nikatia nusu kijiko cha chai cha bizari: la kwanza iliyosagwa ya dukani, la pili niliyosaga mbichi, la tatu niliyokaanga ndipo nikasaga. Nilitia mwisho, maharage yakiwa nje ya moto.

La dukani lilikuwa hafifu, na ulimi ukasikia ungaunga. La mbichi lilikuwa kali, linapanda puani, na lina ukijani fulani ambao kwenye maharage haukunipendeza. La kukaanga lilikuwa na ladha iliyotulia. Mwanangu bila kuambiwa alirudia hilo.

Kisha nikafanya upya, lakini safari hii nikaanza na mafuta ya alizeti na kitunguu mpaka kikawa rangi ya dhahabu, nikatia bizari, nikakoroga nusu dakika, ndipo maharage. Hapo bakuli la pili na la tatu yalikaribiana mno. Mume wangu alikosea mara mbili kusema lipi ni lipi. La dukani nalo lilipanda, ingawa lilibaki nyuma.

Sababu yake haifichiki: mafuta ya moto yanaikaanga bizari palepale chunguni, na harufu yake inashikwa na mafuta badala ya kuruka yote hewani. Kwa hiyo kabla hujawasha jiko jiulize bizari hii inaingia lini. Ikiwa inanyunyizwa mwisho, kwenye maharage, supu au mtindi, ikaange. Ikiwa inaanza na mafuta na kitunguu, faida ya kuikaanga ni ndogo na hatari ya kuunguza ni ileile.

Maswali ya wanachama

Mama mmoja wa Kibirizi: Dada, mimi nachanganya viungo vya mchuzi wa samaki mwenyewe. Naweza kukaanga vyote pamoja kwa mkupuo mmoja?

Usifanye hivyo, mama yangu. Mdalasini ni mnene na bizari ni nyembamba. Mmoja ukiwa haujaanza kupata joto mwingine umeungua. Anza na mdalasini, pilipili manga na karafuu, zikianza kunukia toa. Kaanga giligilani peke yake, kisha bizari peke yake. Iliki ipashe joto tu, sekunde chache, maana uzuri wake wote uko kwenye yale mafuta mepesi yanayoruka. Manjano ya unga usiikaange kavu kamwe, inaungua hata hujaiona. Changanya vyote vikishapoa.

Kijana wa Tabora: Nina robo kilo ya iliyosagwa, nimeinunua juzi tu. Niikaange kwenye kikaango kikavu ipate nguvu?

Hapana. Chembe za unga zinapata joto mara moja. Za chini zinaungua huku za juu bado mbichi, na hakuna mwiko wenye kasi hiyo. Vuruga na maji kidogo iwe kama uji mzito, uitie kwenye kitunguu kilichoiva na mafuta, koroga mpaka maji yakauke na uone mafuta yanajitenga pembeni. Yale maji yanaizuia kuungua mwanzoni. Na ongeza kipimo: palipo kijiko kimoja, tia kimoja na nusu, uonje.

Mwanachama wa Mwandiga: Napikia mawese kila siku. Nitaiona hiyo tofauti?

Kwa shida. Mawese yana ladha yake nzito, ndiyo maana jaribioni nilitumia alizeti. Kwenye mawese tumia bizari mbichi uliyosaga mwenyewe. Ule ukali wake unapenya, wakati utamu wa kukaanga unamezwa.

Kaka wa Gungu: Nikipeleka mashine ya kusaga mahindi je? Nina kilo 3.

Mashine kubwa inapata moto, unga unatoka wa vuguvugu na harufu yake inabaki pale kwa mwenye mashine. Halafu unachukua mabaki ya sembe ya watu. Saga kidogo kidogo nyumbani.

Baba mmoja wa Ujiji: Mama yangu hakukaanga bizari ya pilau maisha yake yote. Alikuwa anaitwanga mbichi pamoja na kitunguu saumu. Unataka kuniambia alikosea?

Hakukosea, baba. Kitunguu cha pilau kinakaangwa mpaka kikawa cheusi cheusi, na ile ladha ya kuiva inatoka hapo. Bizari yake iliyotwangwa ilikuwa inaingia kwenye mafuta yale yale, na unyevu wa kitunguu saumu unaikinga isiungue. Mimi ndiye niliyekaanga kitu ambacho chungu kingekikaanga chenyewe. Hitima iliyofuata nilifanya kama mama yako: vijiko 20 vya bizari mbichi kwa kilo 10 za mchele, kinu, kitunguu saumu. Yule bibi alipakua tena, na safari hii aliuliza tu kama ukoko una mwenyewe.